pgvector na lile jibu la dharau: uzoefu wangu

Naandika nikiwa bado na hasira, na nyingi ni kwa muuzaji aliyenijibu kwa dharau, si kwa programu ya pgvector yenyewe.

Tuna mfumo wa kutafuta vipuri vya magari kwa maneno ya kawaida. Mteja hajui jina la kipuri, anaandika "mpira unaozuia oili isivuje kwenye shafti", mfumo unageuza maneno hayo kuwa vekta, yaani orodha ya namba 768, na kutafuta vekta za vipuri zilizo karibu nayo. Vipuri ni kama 200,000, vyote vimo ndani ya hifadhidata ya Postgres, na vekta zake zimo humohumo kwa kutumia pgvector, kiendelezi cha Postgres cha kutafuta vekta, pamoja na indeksi yake ya HNSW. Ulizo lenyewe ni hili:

```sql
SELECT jina FROM vipuri
WHERE tawi = 'Mwanza'
ORDER BY vekta <=> $1 LIMIT 10;
```

Siku moja tawi la Mwanza wakalalamika kwamba wanaona vipuri viwili tu, wakati mwingine kimoja, na stoo imejaa. Hakuna kosa lililoonekana popote, na majibu yalikuja haraka sana. Tukawapigia watu wanaouza huduma maalumu ya vekta. Kijana aliyepokea hakunisikiliza hata nimalize. "Kwani bado mnatumia Postgres kwa kazi hii? Hiyo ni ya mahesabu ya duka. Hamieni kwetu." Nikamwomba anieleze chanzo cha tatizo. Akanitumia bei.

Chanzo nilikiona mwenyewe kwa `EXPLAIN ANALYZE`, amri ya Postgres inayoonyesha jinsi ulizo lilivyotekelezwa. Kulikuwa na mstari mmoja: `Rows Removed by Filter: 38`, yaani rekodi 38 zilitupwa na sharti la tawi. HNSW ni mtandao wa majirani. Ni kama kumtafuta mtu mtaani kwa kuulizia nyumba hadi nyumba, kila unayemuuliza anakusogeza karibu zaidi, kwa hiyo hugongi milango yote. Wakati wa kutafuta, pgvector inabaki na wagombea 40, ndiyo thamani ya kawaida ya `hnsw.ef_search`. Sharti la tawi linakaguliwa baadaye, juu ya hao 40 tu. Mwanza ina rekodi kama 9,000 kati ya 200,000, yaani asilimia 4.5. Asilimia 4.5 ya 40 haifiki hata mbili. Hesabu ya darasa la saba, na mtu anayelipwa kuuza utafutaji wa vekta hakuijua, au aliijua akanyamaza!

Dawa ni mstari mmoja, kuanzia toleo 0.8.0 la mwaka 2024:

```sql
SET hnsw.iterative_scan = strict_order;
```

Wagombea wakichujwa wasitoshe, pgvector inarudi kwenye mtandao kuchukua wengine, mpaka kumi watimie au ifike kikomo cha `hnsw.max_scan_tuples`, ambacho kwa kawaida ni 20,000. Mwanza wakapata kumi zao.

Hapo nilikuwa tayari kuipa nyota tano. Kisha hasira ikahamia kwa pgvector yenyewe. Kwa nini mpangilio huu umezimwa mpaka uuwashe? Mtu anaomba kumi, anapewa mbili kimyakimya! Nyota tatu, basi.

Ila nilipokagua usahihi nikalegea tena. Unazima indeksi kwa muda, Postgres inapima umbali wa kila rekodi, unapata jibu kamili la kulinganisha:

```sql
BEGIN;
SET LOCAL enable_indexscan = off;
-- ulizo lilelile hapa
COMMIT;
```

Ukiona vipuri tisa kati ya kumi vimo pande zote mbili, indeksi inafanya kazi. Kwa Mwanza nilishangaa zaidi: baada ya kuweka indeksi ya kawaida kwenye `tawi`, kupima rekodi zote 9,000 moja baada ya nyingine kulikuwa haraka kiasi kwamba muuzaji wa kaunta hahisi tofauti, na jibu halina makisio. Tawi dogo halihitaji HNSW kabisa.

Vekta moja yetu inakula baiti 3,080, zote 200,000 ni kama megabaiti 616. Hata ukiongeza mtandao wa HNSW, seva ya kawaida inabeba. Na kipuri kikifutwa, vekta yake inafutwa katika muamala uleule. Ukihamia huduma ya pembeni una stoo mbili za kuoanisha kila siku, jambo ambalo kijana yule hakuligusia.

Sisemi Postgres inatosha kwa kila mtu. Ukiwa na makumi ya mamilioni ya vekta na indeksi haiingii tena kwenye memori, utafutaji unaanza kusubiri diski na kujenga indeksi upya kunakuwa kazi ya usiku kucha. Hapo nitakubali kulipia huduma maalumu. Si kwa yule, lakini. Nitakayemlipa atanieleza kwanza sharti langu la tawi linachujwa kabla ya kutembea kwenye mtandao, wakati wa kutembea, au baadaye.