Dhahabu ilipanda, opsheni yangu ikashuka: fyucha na opsheni kwa pamoja

Alhamisi tarehe 6 Juni 2024 usiku niliamini dhahabu itapanda. Fyucha ya Agosti, yaani mkataba wa kununua dhahabu mwezi huo kwa bei iliyokubaliwa sasa, ilikuwa karibu dola 2,390 kwa wakia kwenye soko la COMEX kule Marekani, nikaingia kwa njia mbili. Nilinunua fyucha ndogo mbili (MGC, kila moja wakia 10). Broka alishikilia dhamana ya kama dola 900 kwa kila mkataba, ingawa thamani yake ni karibu dola 23,900. Akaunti nzima ilikuwa na dola 2,400. Kwenye akaunti nyingine nilinunua opsheni moja ya kununua, yaani haki bila wajibu wa kununua fyucha hiyo ya Agosti, ya wakia 100, kwa bei ya makubaliano ya 2,500, inayoisha tarehe 25 Julai. Niliilipia dola 16 kwa wakia, yaani 1,600, na hiyo ndiyo hasara kubwa kabisa iliyoweza kunipata.

Kesho yake zikaja habari kwamba benki kuu ya China imesitisha kununua dhahabu. Saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu takwimu za ajira za Marekani zikatoka, nazo zilikuwa nzuri kuliko ilivyotarajiwa. Fyucha ya Agosti ikafunga karibu 2,325. Fyucha zangu mbili zilikula dola 1,300 kwa siku moja. Salio lilipobaki 1,100 halikutosha dhamana, na broka akazifunga bila kunisubiri. Kwa kweli mkataba ulimruhusu. Bei ingeporomoka zaidi, ningebaki nadaiwa hata baada ya akaunti kuisha.

Opsheni nayo ilishuka mpaka kama dola 8, lakini hakuna aliyenidai hata senti. Nikalala.

Katikati ya Julai dhahabu ikapanda kweli. Tarehe 17 Julai fyucha ya Agosti ilikuwa inachezea 2,467, zaidi ya nilipoingia kwa dola 77. Nikafungua opsheni nikitabasamu, nikakuta ni dola 11! Nilikuwa sahihi kuhusu mwelekeo na bado nina hasara ya dola 500. Sababu ni kwamba bei haijafika 2,500, kwa hiyo nilichokuwa nimenunua kilikuwa muda mtupu, na zimebaki siku nane tu. Muda huo hauyeyuki kwa kasi moja: wiki za mwanzo unadondoka taratibu, wiki ya mwisho unakimbia. Niliuza. Tarehe 25 bei ilikuwa karibu 2,353, na aliyeng'ang'ania aliondoka na sifuri.

Fyucha zile zile, zingebaki wazi hadi tarehe 17, zingenipa dola 1,540, maana fyucha haina muda wa kuyeyuka namna hiyo. Ila ningehitaji akaunti yenye pesa za kutosha kuvumilia Juni 7, nami sikuwa nazo.

Kosa langu kwenye opsheni ni urahisi wa bei. Opsheni yenye bei ya makubaliano ya 2,400 ilikuwa karibu dola 47 kwa wakia, 4,700 kwa mkataba, nikaikwepa. Siku ile ya 17 hiyo ingekuwa na dola 67 za thamani halisi, yaani 2,467 kutoa 2,400, kabla hata ya kuhesabu muda. Sasa sinunui opsheni ambayo bei yake ya makubaliano iko mbali na bei ya soko kwa sababu tu ni rahisi, na nikibakiza wiki mbili natoka, hata ikiwa kwa hasara.