TAHADHARI: Cheni za "18K" zinazouzwa kwa picha Arusha na Moshi

Ndugu zangu, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Arusha na Moshi na cheni anazoziita dhahabu tupu ya 18K. Anataka nusu ya hela itangulie kwa simu, mzigo utakuja na basi. Mimi nafanya kazi kwa sonara hapa Arusha, na dada mmoja wa Moshi ametuletea cheni aliyouziwa, pamoja na picha alizotumiwa kabla ya kulipa. Picha zile zilitosha kumfichua mtu huyu.

Ya kwanza inaonyesha kufuli la cheni kwa karibu. Inasomeka 18K, halafu picha imekatwa hapohapo. Kwenye cheni yenyewe, baada ya K kuna GP, yaani imechovywa tu: ngozi nyembamba ya dhahabu juu ya madini mengine. Ukikuta GEP au HGE, ni yaleyale. Picha iliyokata muhuri irudishwe, apige nyingine.

Ya pili inaonyesha pale kufuli linapokutana na cheni. Kipete cha mwisho kimebanwa tu, hakijachomelewa, na ukikuza picha unaona kingo zake zimeanza kuwa nyekundu kama shaba. Hapo ndipo pa kutazama, maana vipete vinasuguana kila siku. Dhahabu tupu ikilika, chini yake rangi ni ileile. Omba picha ya mchana karibu na dirisha, kwa sababu taa ya njano huficha wekundu huo.

Sasa anatuma picha ya cheni nyingine yenye muhuri 1/20 14K GF, bado anaiita dhahabu tupu. Hiyo ni ya kuvikwa: bamba la dhahabu limegandamizwa juu ya shaba nyeupe au ya njano. Hudumu kuliko ya kuchovya, na si bidhaa mbaya ikiuzwa kwa jina lake. Lakini yeye anaipima kwa gramu kana kwamba yote ni dhahabu! Cheni ya gramu 10 hapo ina tabaka la nusu gramu tu, tena la 14K, kwa hiyo dhahabu safi haifiki hata theluthi moja ya gramu. Cheni ya gramu 10 yenye 750 ya kweli, yaani 18K, ina gramu 7.5 za dhahabu safi.

Msiamini pia muhuri wa 750, au 585 ambao ni wa 14K, kwa kuuona tu kwenye picha. Muhuri wowote mtu anaweza kuugonga. Na sumaku ikivuta kufuli peke yake msishtuke, ndani mna springi ya chuma hata kwenye dhahabu halali. Ijaribuni kwenye cheni yenyewe.

Akikutumia picha, mwambie mkutane kwa sonara unayemchagua wewe, ipimwe mbele yenu, ndipo ulipe. Dada wa Moshi alipomwambia hivyo baada ya kushtuka, muuzaji alimblock. Mwenye picha zake nyingine aziweke hapa, tuzikuze pamoja.