Baada ya simu na mteja: baruapepe au WhatsApp?

Mmekubaliana kwa simu: fulana 120, nembo kifuani, nusu ya malipo kwanza. Ukithibitisha kwa WhatsApp, mteja anajibu "sawa" papo hapo, ila simu yake ikipotea au ujumbe ukijifuta, mtabaki kubishana. Baruapepe hujibiwa polepole, lakini mhasibu wake anapata nakala, na mwezi ujao utaipata kwa kutafuta kichwa chake.

Iandike siku hiyohiyo, kila kazi na atakayeifanya: "Ninyi mtatuma nembo Jumatano, sisi tutaleta sampuli Ijumaa. Bei ya usafiri bado hatujakubaliana. Kama nimekosea, naomba mnirekebishe kabla ya kesho mchana." Hilo la usafiri ndilo wengi huliruka, na ndilo huleta ugomvi.

Mwenye duka asiyefungua baruapepe, mtumie maneno hayohayo WhatsApp. Kampuni yenye idara ya manunuzi, baruapepe.