Kubadili sura pichani: chanzo kinachocheka au kilichotulia?

Tuseme picha lengwa, yaani ile itakayowekewa sura mpya, ina mdomo uliofungwa, na unazo picha mbili za mtu wa kuchukuliwa sura: moja anacheka, nyingine ametulia. Ya kicheko huvutia kwa ung'avu wake, lakini kicheko hupandisha mashavu, hufinya macho, hutanua pua na kuchimba mikunjo kando ya mdomo. Programu ya kubadili sura hufuata mdomo wa picha lengwa huku ikibeba mashavu ya kicheko. Anatokea mtu anayefanana naye kama binamu tu. Iliyotulia, hata ikiwa na ukungu kidogo, hutunza umbo lake, na mimi huchagua hiyo. Linganisha kwanza pembe za mdomo na uwazi wa macho kati ya chanzo na picha lengwa. Meno yakionekana katika moja tu kati ya hizo mbili, tafuta chanzo kingine.