Maoni ya ripoti: uandike ukitazama alama au daftari?

Shule zikikaribia kufunga hapa Mwanza, wengi wetu walimu tunaandika maoni ya ripoti tukitazama karatasi ya alama tu. Mtoto kapata 42 Hisabati, unaandika "aongeze bidii", unahamia kwa mwingine. Watoto 80 wanaisha jioni moja. Ila mzazi kule Igoma hajui amsaidie nini mwanawe.

Njia nyingine ni kufungua daftari. Mtoto huyohuyo wa 42 nilimkuta kaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, na kosa hilohilo mara tano. Anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kuzidisha hakosei. Nikaandika: "Anazidisha vizuri. Kwenye kujumlisha sehemu, anajumlisha asili badala ya kutafuta KDS. Likizo afanye maswali matatu kila siku, aanze na 1/2 + 1/4." Bidii anayo, daftari limejaa!

Shida ni muda: dakika tatu kwa kila mtoto, kwa 80 ni saa nne. Kwa hiyo sisubiri ripoti. Nikisahihisha, kosa linalojirudia naliandika pale pale kwenye orodha ya majina, mbele ya jina la mtoto.