Wimbi, Muhogo na Mrenda kutoka Maduka ya Leicester: Uchambuzi

Hamjambo watazamaji wangu. Leo ninazungumza nanyi nikiwa jikoni kwa shangazi yangu hapa Kisumu, na mezani kuna vyakula vya aina mbili. Upande wa kushoto nimeweka unga wa wimbi, unga wa muhogo na mboga nilizonunua leo asubuhi sokoni Kibuye. Upande wa kulia kuna pakiti nilizokuja nazo kutoka Leicester, mji wa Uingereza ninakoishi, na hakuna hata moja kati yake iliyotoka Kenya. Ninataka tuone kama mtu wa magharibi mwa Kenya aliye ng'ambo anaweza kupika ugali wa wimbi na mrenda kwa bidhaa za maduka ya watu wa mataifa mengine, na kama mlo huo utakubaliwa na mtu aliyeula maisha yake yote. Atakayetoa hukumu ni shangazi mwenyewe, ambaye sisi wa nyumbani tunamwita Senje. Yeye ni mzaliwa wa Vihiga, na hasifu chakula kwa sababu ya adabu.

Nimeuacha kando ugali wa mahindi meupe kwa makusudi, kwa kuwa unga huo hupatikana bila shida katika maduka ya Wazimbabwe na ya watu wa Afrika Kusini. Wimbi ndio unaowasumbua wengi. Mtu huenda kwenye duka la Mkenya, kama lipo, akakuta majani ya chai, viungo vya pilau na labda pakiti moja ya unga wa uji yenye bei iliyobeba nauli ya ndege, kisha akakata tamaa. Ninawaomba mtafute mmea wenyewe popote unapoliwa, wala msifungwe na nchi ulikotoka.

Tuanze na pakiti hii ya kwanza. Niliinunua Belgrave Road, mtaa wa Leicester wenye maduka mengi ya Wahindi, ambapo si ajabu kumkuta mzee aliyezaliwa Kenya au aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 akikuhudumia kwa Kiswahili. Pakiti imeandikwa ragi, na ragi ni wimbi wetu huu huu, mmea ambao wataalamu wanauita Eleusine coracana. Kosa ambalo nimeliona likifanywa na wageni ni kuingia supamaketi kubwa na kuchukua unga wowote ulioandikwa millet. Millet ya supamaketi za Ulaya mara nyingi ni nafaka nyingine kabisa, yenye unga wa manjano hafifu. Hata katika duka la Wahindi, pakiti ya bajra ni uwele na ya jowar ni mtama, na zote hukaa rafu moja na ragi. Unga wa wimbi utautambua kwa rangi yake ya kahawia iliyoingia wekundu au kijivu, wenye vidoa vidogo vyeusi vya maganda.

Sasa tazameni glasi hizi mbili. Nimetia kijiko kimoja cha ragi katika glasi hii, na kijiko kimoja cha unga wa Kibuye katika ile, nikakoroga na kuacha utulie. Ninamwaga maji ya juu polepole, ninaongeza mengine, ninamwaga tena, hadi unga wote uondoke. Katika glasi ya Kibuye kumebaki chembe zinazong'aa chini, nao ni mchanga, kwa sababu wimbi wetu mara nyingi hupurwa na kuanikwa chini. Glasi ya ragi haina kitu. Katika usafi, basi, pakiti ya Leicester imeshinda, na ninalisema hilo nikijua kwamba Senje ananisikiliza. Katika harufu, hata hivyo, wa Kibuye uko mbele sana: ulisagwa juzi, nao unanukia nafaka, ilhali wa pakiti umekaa ghalani kwa miezi. Kabla ya kununua, tazama tarehe ya kusagwa, na ukifika nyumbani unuse. Unga uliochacha hunuka kama mafuta ya zamani na huacha uchungu kwenye ulimi.

Pakiti hii ya pili inafanana na ya kwanza kwa kila kitu, isipokuwa maneno madogo yanayosema kwamba punje zilioteshwa kabla ya kusagwa. Nimekuja nayo ili niwaonyeshe kwa nini haifai kwa ugali. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga, na kazi hiyo huendelea ndani ya sufuria kabla joto halijawa kali. Niliupika jana: uji uliokuwa umeanza kuwa mzito ulilegea na kuwa mwepesi, na kila nilipoongeza unga ulilegea tena. Senje alionja kidogo akasema, "Hiki ni kimea, mwanangu. Hiki ni cha busaa." Alisema kweli, maana ndiyo njia ile ile inayotumiwa na wapikaji wa busaa. Kwa uji wa mtoto unga huu ni mzuri, lakini usiununue ukitaka tonge.

Wimbi peke yake hutoa ugali unaomeguka, ndiyo maana huku kwetu husagwa pamoja na muhogo. Hapa ndipo maduka ya ng'ambo huwachanganya watu zaidi, kwa sababu bidhaa za muhogo ni nyingi na nyeupe zote. Ile ya chembechembe inayoitwa gari imekwisha kukaangwa, kwa hiyo haichanganyiki vizuri na wimbi. Wanga mtupu wa muhogo, ambao Waingereza hutumia kutengeneza vitindamlo, hulia ukiusugua kati ya vidole na ukipikwa huwa kama gundi inayopitisha mwanga. Pakiti nyingi za unga wa fufu nazo zina wanga wa viazi ndani yake, na utalijua hilo kwa kusoma orodha ya viambato. Nilichochagua mimi ni lafun, unga wa Wanaijeria unaotokana na muhogo uliolowekwa ukachacha, kisha ukaanikwa na kusagwa. Una ukali mdogo puani. Mtu wa Busia au Teso, aliyezoea muhogo uliovundikwa, ataufahamu mara moja.

Nimechemsha vikombe vinne vya maji. Nimechanganya vikombe viwili vya ragi na kimoja cha lafun vikiwa vikavu, kwa maana ukitia lafun baadaye utapata madonge meupe. Ninatia mchanganyiko kidogo kidogo huku nikisonga. Ragi ya pakiti imesagwa laini kuliko ya posho mili, kwa hiyo hunywa maji haraka na kukudanganya kwamba umeshakaza. Msiongeze unga mwingine upesi. Punguzeni moto, funikeni kwa dakika tatu, kisha msonge tena ndipo muamue. Mnaona sasa unaachana na sufuria na kingo zake zinang'aa: umeiva.

Senje ameonja. Maneno yake ni haya: "Ni ugali wa wimbi. Umelainika kupita kiasi, hauna punje za kutafuna, lakini unashika mboga." Ninakubaliana naye. Atakayependa ukakasi wa posho mili atafute ragi ya punje nzima, ambayo maduka hayo hayo huiuza, aisage kwa mashine ndogo ya viungo, kiasi kidogo kila mara.

Tuje kwenye mrenda, ambao Wajaluo huuita apoth. Huu ndio ugunduzi ulionifurahisha kuliko yote, maana niliukuta kwenye friza ya duka la Waarabu. Wamisri huuita mulukhiyah, na mmea ni Corchorus olitorius, mrenda wetu hasa wala si mbadala wake. Wayoruba huuita ewedu na Wafilipino huuita saluyot, kwa hiyo milango ni mingi. Huuzwa ukiwa umegandishwa au umekaushwa. Uliogandishwa kwa majani mazima ndio bora, na uliokatwakatwa unautia kwenye maji yanayochemka bila kuuyeyusha kwanza. Huo sikuweza kusafiri nao, lakini nimeupika mara nyingi na sioni tofauti kubwa na ule wa Kibuye, ila huiva upesi. Uliokaushwa ni huu hapa. Una harufu inayokaribia ya majani ya chai, rangi yake imefifia, na utelezi wake ni mdogo.

Utelezi huo ndio unaohitaji magadi. Magadi yetu yana nguvu kuliko beking soda, lakini soda hiyo hufanya kazi: robo ya kijiko cha chai katika vikombe viwili vya maji, na muangalie povu lisifurike. Ukizidisha, mboga itakuwa na ladha ya sabuni. Msichukue beking poda, ambayo ina asidi na wanga ndani yake. Itatoa povu halafu mboga ibaki vile vile. Nimetia kikombe kimoja cha majani makavu, na baada ya dakika kumi na tano ninanyanyua mwiko: uzi unashuka, ila unakatika mapema kuliko wa mrenda mbichi ulio katika sufuria ya pili. Senje amekula, akauliza kama sina kunde ya kuchanganya nayo, kwa kuwa kwake mrenda bila majani ya kunde haujakamilika.

Ninayo. Pakiti hii ya munyemba nimeipata duka la Wazimbabwe, nayo ni majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa. Mahali hapo hapo huuza nyevhe, ambayo ni sagaa kavu. Nimeloweka munyemba usiku kucha, nikayachemsha, kisha nikayaunganisha na mrenda mkavu. Sasa sufuria imepata uzito, na ukavu wa majani ya kunde hausikiki tena kwa sababu ya utelezi. Senje ameongeza tonge la pili.

Sagaa kavu sikuipatia alama nyingi. Uchungu wake upo, lakini majani yamekuwa magumu, na hata ukiyaloweka na kuyachemsha kwa muda mrefu pamoja na maziwa, mashina hubaki kama nyuzi. Mkiinunua, pekueni pakiti kupitia nailoni yake: ikiwa mnaona vijiti vingi kuliko majani, irudisheni rafuni. Managu sijayapata popote katika maduka haya, yakiwa mabichi wala makavu. Ikiwa kuna mtazamaji aliyeyaona Leicester au mji mwingine wa ng'ambo, aniandikie mtaa na aina ya duka, nami nitakwenda kuyanunua na kuyapika mbele yenu.