Kurusha msiba kwa simu moja: maiki ya kubana au waya wa miksa?

Ndugu walio Muscat au Toronto watavumilia picha yenye ukungu. Wasichovumilia ni kukosa kusikia wasifu wa marehemu. Njia ni mbili: maiki ndogo ya kubana isiyo na waya, au waya kutoka kwenye miksa ya fundi muziki.

Kwa bei, waya unashinda, ila si waya wowote. Tundu la hedifoni la simu linataka pini yenye mikanda mitatu, na sauti ya miksa ni kubwa mno kwake. Bila kipunguza sauti, maneno yanakwaruza. Tena humo hupita kile tu kilicho kwenye maiki za fundi: kwaya ikiimba pembeni, huko ughaibuni wanaisikia kwa mbali mno au hawaisikii kabisa. Umeme ukikatika, ndiyo basi.

Maiki ya kubana haijali umeme, lakini ichajiwe usiku wa kuamkia maziko. Upepo wa ziwa kule Ujiji huivuruga, kwa hiyo ivishe sponji yake, kisha ibane kifuani kwa shehe au padri, kama shubiri moja chini ya kidevu. Makaburini, spika zisikofika, mimi naamini hii tu. Kwa ibada ndefu kanisani yenye wasemaji wengi na fundi makini, nachukua waya.

Kwa vyovyote, rekodi nusu dakika huku ukikwaruza maiki ya kubana, au ya fundi, kwa ukucha, kisha sikiliza kwa hedifoni. Mkwaruzo usiposikika kwa karibu, simu bado inatumia maiki yake yenyewe.